Shahidi alijibu "Ndiyo": uchambuzi wa rekodi moja ya mahakama na nakala zake mbili

Kisa hiki nimekisuka mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi, ili kisimguse shahidi wala mshtakiwa yeyote aliye hai. Sheria ninazozitaja ni za kweli, na kila tatizo lililomo ni lile linalomkuta mtu yeyote anayekaa na vipokea sauti masikioni akinukuu kesi za Kiswahili.

Mahakama ya wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania, imemtia hatiani kijana kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu ya kosa hilo haipungui miaka 30 jela. Ushahidi uliombana ni wa mtu mmoja, dada aliyekuwa akiuza duka usiku wa tukio, ambaye kwenye kumbukumbu anaitwa SM1. Hakimu aliandika ushahidi wake kwa mtindo wa maelezo mfululizo, na humo mna sentensi hii: "Nilimwona usoni alipoingia." Kijana anang'ang'ania kwamba dada yule hakusema hivyo. Wakili mpya anayeshughulikia rufaa ameomba nakala ya sauti iliyorekodiwa na mahakama, amepewa, na ushahidi wa SM1 una dakika 52.

Wakili alimpa mnukuzi wa kwanza faili lile akamwambia, "Niandikie alichosema shahidi, kisomeke vizuri." Akarudishiwa kurasa sita safi, aya zimepangwa, Kiswahili sanifu, hakuna "eeh" hata moja. Kwenye ukurasa wa nne akakuta: "Nilimwona usoni alipoingia. Alikuwa amevaa kofia. Nilimtambua pia kwa sauti yake." Ikalingana na alichoandika hakimu. Hapo wakili akakaribia kuifuta hoja hiyo kwenye sababu zake za rufaa, na muda haukuwa rafiki, kwa sababu petisheni ya rufaa inatakiwa ndani ya siku 45. Muda unaotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi, lakini yeye nakala hizo alikwisha kuzipata.

Kilichomzuia ni kwamba mteja wake alikumbuka swali lenyewe lilivyoulizwa. Akaomba nakala ya pili, ya neno kwa neno. Hii ikatoka kurasa 28, na mahali pale, ambapo wakili wa utetezi wa wakati wa kesi anamhoji SM1, pakasomeka hivi:

[00:41:08]
WAKILI: Kwa hiyo alipoingia, hukumwona usoni?
SM1: Ndiyo.
WAKILI: Hukumwona?
SM1: Eeh. [kimya, sekunde 3] Alikuwa amevaa kofia, ile ya, ya nani, ya baridi. Mimi nili– nilimjua kwa sauti.

Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaona tatizo liko wapi. Ukiniuliza "Hukula?" nami nikajibu "Ndiyo", nimekubaliana na swali lako, yaani sikula. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyojibu. Lakini wapo pia, hasa waliozoea kusoma na kufanya kazi kwa Kiingereza, ambao "ndiyo" yao kwa swali la namna hiyo ina maana kwamba walikula. Mnukuzi wa kwanza hakudanganya. Aliondoa swali, akabaki na jibu la kukubali, akalifanya sentensi kamili. Swali lilipotoweka, ukanushi uliokuwa ndani yake ukaondoka nalo, na shahidi akageuzwa mtu aliyeona uso. Inawezekana kabisa hakimu naye aliteleza hapohapo, akiwa anaandika kwa mkono huku wakili anaendelea kuuliza.

Nakala ya neno kwa neno haitatui utata. Inauhifadhi, na pamoja nao inahifadhi vitu vitatu vinavyomsaidia msomaji kuamua: swali lilivyoulizwa, swali la pili lililorudia ukanushi, na maelezo ya kofia na sauti yanayofuata baada ya kimya. Jaji akisoma mistari hiyo mitano atapima mwenyewe. Akisoma ile ya kurasa sita hana cha kupima, maana kazi ya kupima imekwisha kufanywa na mtu asiye na mamlaka hayo.

Uzito wa mistari hiyo unatokana na sheria ya utambuzi. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania inataka ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho uwe hauachi mwanya wa makosa. Mahakama huangalia shahidi alimtazama mtu yule kwa muda gani, kwa umbali gani, kama ni mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Utambuzi wa sauti nao mahakama hiyo imeuhesabu miongoni mwa ushahidi dhaifu, unaohitaji uangalifu mkubwa. Kwa hiyo kati ya "nilimwona usoni" na "nilimjua kwa sauti" kuna tofauti inayoweza kuamua rufaa nzima.

Vipimo hivyo viligeuka kuwa orodha ya mambo ambayo mnukuzi hapaswi kuyagusa. Tuchukue muda. Nakala safi ilisema: "Tukio lilichukua dakika mbili." Sauti inasema:

[00:19:40]
WAKILI WA SERIKALI: Ilichukua muda gani?
SM1: Ilikuwa kama, sijui, dakika moja, mbili hivi.

Mnukuzi anayesafisha huona "kama", "sijui" na "hivi" ni maneno ya kuvutia pumzi, sawa na "eeh" na "yaani". Mara nyingi ni kweli. Lakini katika kukadiria, maneno hayo ndiyo yanayobeba kiasi cha uhakika wa shahidi. Ukitoa "kama" na "hivi" umebadilisha kadirio kuwa kipimo. Ukitoa "sijui" huenda umefuta ukiri wa kutojua, au huenda umefuta kikorombwezo tu, na kwa kuangalia maandishi peke yake huwezi kujua ni kipi. Hapo inabidi usikilize: "sijui" iliyotamkwa haraka, ikafuatwa papo hapo na makadirio, si sawa na "sijui" iliyosimama peke yake ikafuatiwa na kimya. Na "dakika moja, mbili" ilitupwa nusu yake, ikachaguliwa ile ndefu, inayompa shahidi muda zaidi wa kumtazama mtu.

Sitaki msomaji adhani kwamba nakala ya neno kwa neno humtetea mshtakiwa siku zote. Katika rekodi hiihii pana mahali ambapo ilimwumiza. Nakala safi iliandika: "Mshtakiwa alikuja dukani." Shahidi alisema: "Huyu alikuwaga anakujaga pale dukani." Mnukuzi wa kwanza aliona lahaja ya mtaani, akaisanifisha. Lakini ile "-ga" ya Kanda ya Ziwa inaonyesha mazoea, jambo linalofanyika mara kwa mara. Shahidi alikuwa anasema anamfahamu mtu huyu kwa kumwona tena na tena kabla ya usiku ule, na kufahamiana kabla ni mojawapo ya mambo ambayo shauri la Waziri Amani linataka yaangaliwe. Usafi ulifuta hoja nzuri ya upande wa mashtaka. Wakili wa rufaa hakufurahi kuiona, na ilimlazimu aijibu. Mnukuzi aliyeiacha ilivyo alifanya sawasawa. Akianza kupima neno gani linamsaidia nani, nakala yake haina thamani kwa yeyote.

Halafu kuna umbali. "Alikuwa kama kutoka hapa mpaka pale kwa askari." Nakala safi iliandika "hatua chache". Hatua hizo zilitoka kichwani mwa mnukuzi. Sauti haina kidole, na faili la sauti haliwezi kumwambia mtu askari alisimama wapi siku ile. Kinachoandikwa ni maneno ya shahidi, kisha kwenye mabano ya mraba: [umbali hautajwi]. Usiandike hata "shahidi anaonyesha kwa mkono" ikiwa hukuwa na picha, isipokuwa mtu aliyekuwepo ametamka hivyo na kusikika. Dawa ya tatizo hili iko chumba cha mahakama, wala haiko kwa mnukuzi: hakimu au wakili atamke palepale, "mahakama inakadiria hatua sita". Lisipotamkwa siku hiyo, limepotea kwenye nakala zote mbili.

Baada ya kusema yote hayo, lazima niseme pia kwamba maelezo mfululizo ya hakimu hayakuwa kosa la utaratibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kama cha 210, inasema kwa kawaida ushahidi mbele ya hakimu usiandikwe kwa mtindo wa swali na jibu, uandikwe kwa mtindo wa masimulizi. Kenya wana kanuni kama hiyohiyo kwenye kifungu cha 197 cha sheria yao. Lakini sheria zote mbili zinamwachia hakimu hiari ya kuandika swali fulani na jibu lake kama yalivyotamkwa. Naiona busara kubwa katika mpangilio huo, na ndio ninaoutumia kuamua nakala ipi iandikwe lini. Masimulizi yanatosha pale ambapo maana haitegemei umbo la maneno: shahidi anaishi wapi, duka linafungwa saa ngapi, nani alimpigia polisi simu. Swali na jibu vinahitajika pale ambapo jibu halisimami bila swali lake. "Ndiyo" iliyojibu swali la kukanusha ni mfano ulio wazi kuliko yote katika Kiswahili.

Wakili, basi, alihitaji nakala ya neno kwa neno, lakini hakuhitaji dakika zote 52 ziwe hivyo. Hapa wengi hupoteza fedha za wateja. Saa moja ya sauti safi yenye msemaji mmoja huchukua takriban saa nne kuinukuu. Sauti ya mahakamani, yenye feni, watu wanne na wakili anayeongea akiwa amegeukia karatasi zake, huchukua zaidi. Mapingamizi yakianza na watu wakaongea kwa pamoja, dakika moja yaweza kula nusu saa. Kama mgogoro uko kwenye utambuzi, mnukuu neno kwa neno sehemu za utambuzi zote, kwenye ushahidi mkuu na kwenye maswali ya dodoso, tena kuanzia mwanzo wa mada hadi mwisho wake, ili asije mtu akasema mmekata penye faida yenu. Sehemu nyingine zipate muhtasari wenye alama za muda. Katika kisa hiki wakili alichagua kunukuu zote, kwa kuwa hakujua bado mgogoro utaishia wapi. Huo nao ni uamuzi halali, ila una gharama yake.

Jinsi nakala ilivyopangwa ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mistari yote ilipewa namba, ikianza upya kila ukurasa, ili wakili aweze kuandika "ukurasa wa 22, mstari wa 9" na upande wa pili uufikie. Kila mzungumzaji aliitwa jina lilelile kutoka mwanzo hadi mwisho: HAKIMU, WAKILI WA SERIKALI, WAKILI, SM1. Alama ya muda iliwekwa kila mada ilipobadilika na kila penye mabano ya mraba. Neno lililokatwa katikati lilipewa kistari, kama "nili–". Viakifishi viliwekwa kwa ubahili, kwa kuwa nukta na koma ni tafsiri ya msikilizaji, shahidi hakutamka koma. Juu kabisa kulikuwa na maelezo mafupi: jina la faili, urefu wake, nani alilitoa, nani alinukuu, na maana ya kila alama iliyotumika.

Mnukuzi pia aliandaa kiapo cha maandishi kueleza alivyolipokea faili na kwamba hakulibadilisha. Sababu ni kwamba kumbukumbu ya mahakama haipingwi kirahisi. Katika shauri la Halfani Sudi la mwaka 1998, Mahakama ya Rufani ilisema kumbukumbu ya mahakama ni waraka mzito, na inachukuliwa kuwa imesema kweli yaliyotokea. Karatasi 28 kutoka kwa mtu aliyeajiriwa na upande mmoja haziwezi kuuangusha mwandiko wa hakimu kwa uzuri wake tu. Kazi yake ni kumwonyesha jaji dakika ipi aisikilize. Wakili makini huomba sauti yenyewe isikilizwe, na nakala iwe mwongozo. Akiomba hivyo huku mkononi ana nakala ya kurasa sita, ombi linajifia, kwa sababu nakala hiyo inasema kitu kimoja na mwandiko wa hakimu.

Je, nakala safi haikuwa na kazi? Ilikuwa nayo, tena mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa kijana mwenyewe, gerezani, na kwa mama yake. Kurasa 28 za sauti zinazogongana, maneno yaliyokatika na mabano haziwezi kumsaidia mtu ambaye hajawahi kusoma mwenendo wa kesi. Alihitaji kujua shahidi alisema nini, kwa mpangilio, ili amwambie wakili wake wapi pana uongo au pengo. Ya pili ilikuwa kwa wakili, kwa kusoma haraka usiku wa kuamkia siku ya kusikilizwa.

Naongeza sababu nyingine ambayo nadhani inapuuzwa. Mtu akinukuliwa neno kwa neno huonekana mjinga kuliko alivyo. Hakuna anayeongea kama kitabu, sembuse aliyesimama kizimbani akiulizwa juu ya usiku aliotishiwa kwa panga. Kama ushahidi huo utawekwa mbele ya umma, kwenye gazeti au kwenye mafunzo ya wanafunzi wa sheria, na hakuna mgogoro juu ya maneno yenyewe, basi kumsafishia shahidi kigugumizi chake ni kumtendea haki.

Tatizo la nakala ya kwanza halikuwa usafi, lilikuwa ni kusafishwa moja kwa moja kutoka kwenye sauti. Njia iliyofuatwa mara ya pili ni kunukuu kwanza neno kwa neno, kisha kusafisha kutoka kwenye maandishi hayo. Ukiwa na nakala ghafi mbele yako unaona unachokifuta. Ukisafisha ukiwa unasikiliza, ubongo unafuta kabla mkono haujaandika, na hakuna alama inayobaki kuonyesha palikuwa na kitu. Kutoka kwenye nakala ghafi vikaondolewa vianzio vilivyorudiwa, "eeh" za kujaza nafasi, simu iliyolia na mazungumzo ya kufunga dirisha. Vikabaki vikanushi vyote, makadirio yote, maneno yanayoonyesha shahidi alijuaje jambo ("niliona", "nilisikia", "waliniambia"), na kila mahali shahidi alipojisahihisha kuhusu jina, namba au saa. Saa zenyewe ziliachwa kwa hesabu yetu. "Saa mbili usiku" ikabaki saa mbili usiku, haikugeuzwa 20:00, kwa sababu kila ubadilishaji ni nafasi ya kukosea saa sita nzima.

Sehemu ile ya uso, katika nakala safi ya pili, ikawa hivi:

"Alipoulizwa, 'Hukumwona usoni?', shahidi alijibu, 'Ndiyo.' Aliporudiwa, 'Hukumwona?', alijibu 'Eeh', akanyamaza, kisha akasema mtu huyo alivaa kofia ya baridi na kwamba yeye alimjua kwa sauti. [00:41:08]"

Inasomeka bila taabu, na haijaamua chochote kwa niaba ya jaji. Juu ya kila ukurasa iliandikwa: "Nakala iliyosafishwa kwa ajili ya kusoma. Isitumike kunukuu ushahidi. Tazama nakala ya neno kwa neno." Maneno hayo yanafaa yawe juu ya kila ukurasa, maana kurasa hutolewa kopi moja moja na jalada huachwa nyuma.

Palibaki mahali pamoja ambapo nakala zote mbili zilikwama. Kwenye 00:43:50, wakili wa utetezi anauliza kama shahidi ana uhakika na sauti aliyoisikia. Feni inavuma, mtu anaburuta kiti, na jibu linasikika ama "nina uhakika" au "sina uhakika". Konsonanti moja imemezwa, na ndiyo yenye jibu zima. Mnukuzi alipunguza kasi, akabadilisha vipokea sauti, akasikiliza siku nyingine masikio yakiwa yamepumzika. Kisha akamwita mwenzake asikilize bila kumwambia yeye alisikia nini, kwa sababu ukishamwambia mtu neno, atalisikia. Mwenzake alisikia tofauti na yeye. Kwenye nakala ya neno kwa neno ikaandikwa: "[nina/sina: silabi ya kwanza haisikiki] uhakika." Wakili wa rufaa alisihi iandikwe "sina", akaonyesha kwamba majibu yote yaliyotangulia yanaelekea huko. Akakataliwa. Hoja hiyo ni yake kuijenga mbele ya jaji, na nakala safi nayo ikaandika tu kwamba jibu la swali hilo halisikiki vya kutosha, pamoja na alama ya muda, ili anayetaka asikilize mwenyewe.